Mafiga ya Mwanvua na Slebu ya Skolastika

Ukitaka kumjua Skolastika wa Gungu, usiwaulize waliompenda. Waulize waliomnunia mwaka wa tisini na sita, wakati boti kutoka ng'ambo ya ziwa zilipokuwa zikishusha watu Kigoma na mvua za vuli zikiwanyeshea bila huruma. Wengi walimnunia, na mimi nasema walimnunia mtu sahihi kwa jambo sahihi.

Alikuwa fundi sanifu, Muha wa Kasulu aliyeolewa mjini. Mwaka huo alisimamia ujenzi wa wodi ya wazazi ya ghorofa moja, jirani na zahanati iliyokuwa imezidiwa na wagonjwa. Slebu ya juu, bamba la zege la kuwa paa, ilikuwa imeshamwagwa. Chini yake ilisimama mirunda ya mikaratusi ya kuishikilia, msitu mzima, kila mrunda juu ya ubao mnene na kabari zake mbili. Kwa nje ukumbi wa wodi hiyo ulionekana umekwisha: una kuta, una kivuli, haupitishi mvua. Palikosekana ruhusa ya kuondoa mirunda tu.

Ruhusa hiyo ilikuwa na waraka wake. Mhandisi Adolf, aliyekaa Tabora, ndiye aliyekokotoa uzito wa zege bichi na wa watu watakaolimwaga, akapanga mirunda ikae umbali gani na ifungwe vipi isiyumbe, akaandika pia nani ana kazi gani. Kusimamisha mirunda ilikuwa kazi ya fundi Abeid wa Ujiji. Kuikagua kila siku, hasa mvua ikilowesha udongo chini ya mbao, na kutoa kwa maandishi kibali cha kuiondoa, ilikuwa kazi ya Skolastika peke yake. Mkandarasi hakupewa sauti hapo. Kubadili lolote ilikuwa juu ya Adolf.

Na mirunda ingeondoka lini? Michemraba mitatu ya zege, iliyochotwa kwenye mchanganyiko uleule wa slebu, ilazwe juu ya slebu yenyewe chini ya magunia yaleyale yaliyoloweshwa maji, ipate joto na baridi ileile. Ikipelekwa kuvunjwa kwenye mashine na kuonyesha robo tatu ya nguvu iliyotakiwa, mirunda itoke. Isipokuwapo michemraba hiyo, basi wiki tatu kamili tangu zege limwagwe, bila mjadala.

Asubuhi ya kuipeleka kwenye mashine, Skolastika alipanda juu akafunua magunia. Hakuna kitu.

Aliikuta chini, nyuma ya choo cha mafundi. Imepangwa vizuri kabisa, mitatu, sufuria ya uji juu yake, moto unawaka katikati. Aliyekuwa akikoroga ni mkimbizi wa Fizi, ng'ambo ya ziwa, mwanamke tumbo liko mbele, aitwaye Mwanvua.

"Tuliwaza ni mawe ya bure, mama," alisema. "Mafiga mazuri hivi, sawasawa yote, nani angeyatupa juu kule?"

Skolastika alitaka kukasirika, hasira ikamkosa njiani. Mtu aliyekimbia na sufuria akaacha mafiga, atapika juu ya nini? Lakini zege lililokaa motoni haliwezi tena kusema kweli juu ya slebu. Ushahidi ulikuwa umepikiwa uji.

Abeid alikuja mbio na dawa yake. Alikuwa na michemraba mingine mitatu kwenye pipa la maji.

"Shehena ileile ya zege, Bi Skola. Nimeitunza mimi mwenyewe kama yai. Tukaivunje hii."

"Imekaa majini muda wote, fundi. Slebu imepigwa jua na upepo wa ziwa, na siku mbili yale magunia yalikauka, nawe unajua. Hiyo ya pipa itatuambia zege lilichanganywa vizuri. Haitatuambia slebu imefikia wapi."

"Tofauti ndogo tu."

"Ndogo kiasi gani?"

Abeid alirudisha kifuniko cha pipa. Alikuwa fundi hodari, na fundi hodari hadanganyi akibanwa.

Mkandarasi, Bwana Feliksi, yeye hakuwa na haja ya michemraba wala pipa. "Toa mirunda ya katikati watu walale, asubuhi tuirudishe," alisema. Skolastika akamweleza kwamba mrunda ukishalegezwa, slebu imeshajibebesha uzito wake. Kuurudisha ni kumfunga mkanda mtu aliyekwisha kuanguka.

Aliyemuumiza kweli ni muuguzi Eufrasia, rafiki yake wa kusali pamoja. Alikuja amelowa chapachapa. Wajawazito sita walikuwa wamelala kwenye baraza ya zahanati na maji yanawafikia.

"Skola, paa lipo. Nawe umesimama mlangoni na karatasi."

"Paa hilo halijajishika, dada. Mirunda ndiyo iliyolishika."

"Wakifa kwa baridi, utaniandikia kibali?"

Neno lile lilimchoma. Alikwenda posta akampigia Adolf simu, akamweleza yote, mafiga na pipa. Adolf alisema hana njia ya kubadili neno hata moja bila kuijua nguvu ya slebu, na kwamba chini yake asilale mtu. Akauliza kama anashinikizwa. "Sana," alisema Skolastika, akakata simu, akalia palepale penye kibanda cha simu. Kisha akafuta uso, maana machozi hayajengi.

Akirudi alipita mbele ya stoo ya saruji. Bati zima, sakafu kavu, mlango mpana. Akasimama. Waraka ulikataza watu kulala chini ya slebu na mzigo kuwekwa juu yake. Mifuko ya saruji iliyolala chini, mbali na mirunda, haikukatazwa popote.

Mchana ule mafundi walihamisha saruji yote, wakaipanga juu ya mbao katikati ya safu za mirunda, wakiacha njia ya ukaguzi, wakaifunika kwa turubai. Feliksi alipiga kelele kwamba ikiingia unyevu ni hasara. Skolastika akamwambia amwandikie yeye hasara hiyo. Usiku wajawazito walilala kwenye stoo, wakikohoa vumbi la saruji, lakini wakavu. Mwanvua alijifungulia humo, mtoto wa kike.

Hata hivyo manung'uniko hayakuisha. Stoo ilikuwa finyu, waliokuja baadaye walikosa nafasi, na kila aliyelowa aliutazama ukumbi ule mkubwa, kisha akamtazama Skolastika. Yeye alikagua kabari kila asubuhi, akawasalimia wote, wakamwitikia kwa shingo upande. Nani angevumilia hayo kwa ajili ya ajali ambayo huenda isingetokea?

Wiki tatu zilipotimia, saruji ikatolewa, Skolastika akasaini kibali. Abeid alilegeza kabari kidogo kidogo, mirunda ya katikati kwanza, akielekea kwenye boriti, na ya boriti mwisho kabisa. Uzi uliovutwa toka ukuta hadi ukuta ulionyesha slebu imeshuka unene wa kucha, ikatulia.

"Ingeshika hata siku ile," alisema Abeid, si kwa ubishi.

"Huenda," alisema Skolastika. "Sikujua. Wala wewe hukujua."

Eufrasia akawaita akina mama waingie. Hakuna aliyesogea. Walikuwa wamekatazwa ukumbi ule kwa ukali kiasi kwamba sasa, ukiwa mtupu bila hata mti mmoja, waliuogopa. Mwanvua alisimama kizingitini, akatazama juu, akamkumbatia mwanawe.

"Mama, kitu gani kinaishika sasa?"

Skolastika alitandaza mikono, akapewa mtoto. Akaingia naye mpaka katikati, pale palipokuwa na mirunda mingi kuliko kwingine, akaketi sakafuni, akaanza kumbembeleza.