Ramani ya Mgeni Katika Majaruba ya Nyamizi

Nyamizi hakuielewa biashara ile tangu siku Adrian alipomletea habari zake.

"Mtu atoke Dar es Salaam, alipe, aje ainame kwenye tope langu?" alimuuliza. "Sisi tunaoinama ndio tunaodai kulipwa."

"Ndicho wanachokitaka, mama Happy," alisema Adrian wa Mbeya, ambaye kazi yake ni kutembeza wageni. "Wapande mpunga, wapike, wale. Waone watu wanavyoishi."

"Na wakishaona?"

"Wanarudi kwao."

Hapo ndipo hakuamini. Shamba lake la mpunga la ekari mbili pale Ubaruku, lililogawanywa kwa matuta kuwa majaruba, alilolifyeka na marehemu mumewe walipohama Shinyanga na ng'ombe wao, halikuwa na hati. Lilikuwa na barua moja ya kijiji, aliyoifunga kwenye kanga chini ya godoro. Aliwahi kuona jirani akitembelewa na watu wa mjini waliosema wanapenda mandhari tu. Msimu uliofuata jirani alikuta vigingi vya upimaji shambani kwake. Lakini uongozi wa kijiji ulikwisha kuuridhia mpango wa Adrian, na fungu la malipo lilikuwa la zahanati. Kukataa peke yake kungemfanya aonekane mchoyo.

Wageni walifika watano, siku ya kupandikiza. Nyamizi na jirani yake Lusia walinyoosha kamba, wakawaonyesha: miche miwili au mitatu kwa shimo, mizizi isikunjwe, isizamishwe sana. Mgeni mmoja, mama mnene aitwaye Esnath, alikuwa akiisukuma miche kama anayepigilia misumari.

"Dada, mpunga unaupanda au unauzika?" Lusia alimuuliza.

Esnath akacheka mpaka akakaa kwenye maji. Nyamizi hakucheka. Alikuwa anahesabu vichwa, na vilikuwa vinne.

Wa tano, Marcelino mume wa Esnath, alikuwa juu ya tuta la mpakani. Alitembea taratibu, simu mkononi, akifika kwenye kona anasimama, anaitazama simu, anageuka. Alikuwa amelizunguka karibu shamba zima.

Nyamizi alitoka kwenye tope akamfuata, miguu ikidondosha maji.

"Baba, unapima nini?"

"Sipimi, mama. Natembea. Daktari kaniambia hatua elfu nane kwa siku, sukari yangu si nzuri."

"Nionyeshe."

Marcelino alimpa simu bila kusita, jambo lililomtia Nyamizi mashaka zaidi. Kwenye kioo kulikuwa na namba za hatua, na chini yake picha ya majaruba kutoka angani, na mstari mwekundu umeyazunguka kama uzi wa kushonea.

"Hili ni shamba langu."

"Ni njia niliyopita tu. Simu inaichora yenyewe."

Adrian alikuja mbio kwenye tuta. "Mama Happy, ni ya mazoezi hiyo. Hata mimi ninayo."

"Wewe nyamaza. Wewe ndiye uliyewaleta." Akamgeukia mgeni. "Futa."

"Nafuta, mama. Samahani sana."

Kidole cha Marcelino kilikuwa kinakaribia kufuta Nyamizi alipomshika mkono. Alikuwa ameinama kwenye kioo, macho yamekazwa.

"Subiri. Jaruba la mfereji liko wapi?"

Mstari ulikuwa umekata kona. Pale karibu na mfereji tuta lilikuwa limemomonyoka, na Marcelino, akihofia viatu vyake, alikatiza kwa tuta la ndani, akaliacha jaruba hilo nje.

"Kulikuwa na tope," alisema.

"Kwa hiyo umenipunguzia jaruba zima."

"Lakini si nafuta, mama?"

"Mbele yangu utafuta. Najuaje kama haijafika kwingine? Kama iko mahali, iwe kamili. Vua viatu."

Akatangulia, Marcelino akimfuata na suruali imekunjwa, wakalizunguka shamba upya. Kwenye mfereji walizama mpaka magotini. Nyamizi alimsimamisha kwenye kila kona mpaka aridhike, na lile jaruba likaingia ndani ya ule uzi mwekundu. Kule kwenye kamba Esnath aliuliza kama na wao watazungushwa shamba. Lusia akamwambia apande.

"Sasa hiyo picha mpelekee binti yangu, Happy, yuko Mbalizi. Namba nitakutajia," Nyamizi alimwambia Marcelino.

Ilipotumwa, alimpigia Happy kwa simu yake ndogo. Alimtaka ahesabu majaruba kwenye picha. Happy alihesabu, yakatimia, akauliza kuna nini. "Itunze. Usimpe mtu," alisema Nyamizi, akakata. Ndipo akasimama begani kwa mgeni akitazama anavyofuta, akamwambia afungue tena, waone kama kweli imeondoka.

Walikula wali na samaki, wageni wakasifu. Wakati wa kuaga, Adrian aliuliza kwa upole kama kundi la mwezi ujao lije.

"Waje," alisema Nyamizi akikusanya sahani. "Simu zinabaki jikoni kwangu. Na huyo wa hatua, kama anarudi, atembee barabarani."