Kadi Moja, Akaunti Mbili

Émile anaunga milango ya chuma kule Katuba, na mlango wake ukifunga, umefunga. Yeye mwenyewe yuko hivyo. Ni mdogo wa marehemu mume wangu. Ananiita Yaya, yaani dada mkubwa, na tangu msiba hajaniuliza unga unatoka wapi, analeta tu. Ndiyo maana haya ninayoandika yananichoma.

Alipotaka kucheza pari za mpira, kubashiri mechi kwa pesa kwenye mtandao, kadi yake ya mpiga kura, ambayo ndiyo kitambulisho chetu, ilikuwa imefutika, picha kivuli, jina hakuna, kama kadi za watu wengi hapa. Akaomba yangu. Nikampa, pamoja na namba yangu ya simu. Palepale ilinipasa nimwambie kwamba mwaka mmoja kabla nilishafungua akaunti kwenye kampuni hiyohiyo, kwa kadi hiyohiyo na namba nyingine. Lakini mimi ndiye ninayewasema wacheza pari pale parokiani. Nikanyamaza.

Akashinda dola mia sita na arobaini. Alipotaka kuzitoa, kampuni ikafunga akaunti. Akaja mbio.

“Yaya, banasema uko na compte mbili.”

“Banakudanganya. Miye nicheze saa ngapi, na haya maharagi nayauzisha saa ngapi?”

Akacheka. “Nilijua.”

Tukaenda kwa Abigaïl, anayeandikia watu barua kwenye kompyuta karibu na posta. Kampuni ina leseni ya Malta, na kwenye ukurasa wake alikuta jina la wasuluhishi, watu wa nje wanaosikiliza malalamiko ya wachezaji bila kulipisha. Tukaandika kwa jina langu.

“Wewe ndiye mwenye akaunti?” Abigaïl akaniuliza.

“Kadi ya Yaya, simu ya Yaya,” akadakia Émile. “Miye niko vidole tu.”

Baada ya siku mbili wakaturudisha.

“Kesi yenyewe hawajaisoma,” Abigaïl akasema. “Wanataka kwanza mulalamike kwa kampuni, mupate jibu lake la mwisho. Mumeruka mlango.”

“Miye fundi wa milango nimeruka mlango,” Émile akasema, akaenda kununua vocha ya intaneti.

Jibu la kampuni likaja siku ya tisa: hapana. Tukatuma tena, na safari hii Abigaïl akaandika sentensi moja chini kabisa: *Sijawahi kufungua akaunti nyingine.* Akanigeuzia karatasi. Nikatia sahihi. Nikamrudishia kalamu.

Wasuluhishi walichukua karibu miezi mitatu. Waliomba vielelezo kwa pande zote mbili, kisha wakaamua. Kanuni tuliyoikubali wakati wa kujiandikisha inasema mtu mmoja, akaunti moja. Kampuni ilionyesha picha ya kadi ileile mara mbili. Basi ushindi unafutwa kwa haki. Ila pesa alizoweka Émile, dola arobaini na tano, kampuni lazima izirudishe.

Émile alisimama. “Ile picha bameitengeneza. Kesho nauzisha poste ya soudure, natafuta avocat wa kututetea mbele ya jaji. Tutafika hata tribunal ya kwao.”

Ile poste, mashine ya kuungia chuma, ndiyo mikono yake. Bila hiyo, Émile anabeba mchanga wa wengine.

“Kaa kwanza,” Abigaïl akasema. “Tribunal hawakukatazi, uamuzi huu haukufungi wewe. Lakini kupanda juu kunafaa tu kama kuna karatasi tuliyotuma nao hawakuisoma, au kanuni wameisoma vibaya. Ofisi iliyotoa leseni, hiyo utaiandikia kampuni ikikataa kulipa hizi arobaini na tano. Ile inaadhibu kampuni; haikurudishii ushindi. Na jaji ataanza na swali moja: hii akaunti ya pili ni ya nani?”

“Yaya anajibu tu kwamba haiko yake.”

Hakuna hata aliyenitazama kuona kama ni kweli. Hilo ndilo lililonishinda.

“Ni yangu,” nikasema.

Abigaïl akaanza kupanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa. Émile alibaki na mkono juu ya kiti.

“Hata pale ulipotia sahihi, ulijua?”

“Hata pale.”

“Miezi mitatu naitukana kampuni.” Akavuta pumzi. “Ulikuwa unashinda, basi?”

“Hata mara moja.”

Nilidhani atacheka. Alichukua kofia yake.

Dola arobaini na tano ziliingia kwenye simu yangu wiki iliyofuata. Nikazipeleka Katuba kwa mguu. Alikuwa ameinama juu ya mlango wa mtu, cheche zinaruka, na poste ilikuwa mahali pake. Akazima, akazipokea, akazitia mfukoni bila kuhesabu.

“Asante, madame,” akasema.

Unga bado analeta. Anauacha mlangoni.