Eti mtoto wetu analala vizuri

Leo mume wangu amewaambia wageni kwamba mtoto wetu analala vizuri.

Anayelala vizuri ni yeye. Tangu nijifungue amehamia saloni, kwenye kochi, eti kazini kule Minago wanamtaka akiwa na akili.

Wageni wa kanisani wakamsifu: "Papa Elie, Mungu amekupendelea."

Mimi nilikuwa nimesimama na mtoto mgongoni, blauzi imelowa maziwa, sahani ya samaki wa ndagala mkononi. Nikacheka vibaya. Nikamwekea mume wangu mtoto mapajani, nikaketi.

Mtoto akalia. Papa Elie akamtikisa kama chupa ya mawese. Wageni wakakumbuka kwamba wana haraka.

Walipotoka akasema polepole: "Kila nikimubeba unanipokonya. Unasema namushika vibaya. Basi nikaacha."

Ni kweli anamshika vibaya. Lakini hayo ndiyo maneno mengi zaidi aliyoniambia mwezi huu. Mengine yote ni "pampers iko wapi?"

"Basi mushike vibaya," nikamwambia. "Mimi naenda kulala."

Nimeamka sasa hivi. Pampers amemvalisha mtoto nyuma mbele. Sijaigusa.

Nyinyi wenye watoto wachanga, huko kwenu bado mnaongea?