Mkaja Haumo Katika Mtaala

Barua pepe ilitoka Pemba ya Msumbiji Jumatatu asubuhi, nayo ilikuwa na adabu zote ambazo Kireno kinazo kabla ya kumwomba mtu kazi ya bure. Taasisi moja ya afya ilikuwa inakusanya maswali ya mtihani wa wauguzi, na mratibu wake, Fábio, aliona fahari kumwalika colega, yaani mwenzake wa kazi, Nazira wa Palma aandike moja. Kisa cha mgonjwa, swali, majibu manne, na maelezo ya kusahihisha. Mada: saa mbili za kwanza baada ya kujifungua. Mwisho wa kupokea: Ijumaa.

Nazira alikuwa na miaka kumi na minne katika wodi ya wazazi, na katika miaka hiyo hakuna aliyemwomba aandike kitu kisichokuwa ripoti. Akajibu kwamba atafurahi. Akajibu upesi, Fábio asije akagundua kwamba amekosea mtu.

Kisa alikuwa nacho. Alikuwa nacho tangu akiwa mwanafunzi, alipopelekwa mazoezini kwenye kituo kidogo upande wa Nhica, chini ya Mama Mastura. Huyu Mastura alikuwa muuguzi wa wazazi mwenye asili ya Mtwara, mwembamba, msemaji, ambaye viatu vyake vya plastiki vilisikika kabla yake. Siku moja alimwambia Nazira akampime mama aliyejifungua punde. Mama mkwe wa yule mama alikuwa ameshamfunga mkaja, kile kitambaa kirefu ambacho mzazi huku hafiki saa moja bila kuviringishwa tumboni, na alikuwa amekikaza kama anayefunga mzigo wa kuvuka mto. Nazira akaona haya kuufungua mbele ya mkwe. Akaweka mkono juu, akasikia ugumu, akaandika kwenye kadi: mji wa mimba mgumu. Maana yake ni kwamba umejikaza vizuri baada ya kuzaa, na damu haitatoka ovyo.

Damu ikatoka ovyo. Mama Mastura akaja na viatu vyake, akaufungua mkaja mizunguko mitatu, minne, akatia mkono juu ya ngozi. Mji wa mimba ulikuwa laini kama unga wa maandazi. Akaanza kuusugua huku akiita dawa, akausugua mpaka ukakaza, na yule mama akaishi. Kisha akachukua kadi, akaisoma kwa sauti, akamtazama mwanafunzi wake.

"Mwanangu," akasema, "umepima nguo."

Yapo matusi ambayo Nazira alishayasahau. Hilo halikuwa tusi na hakulisahau.

Baadaye walifanya kazi pamoja katika wodi ya Palma. Machi ya mwaka wa mashambulizi, ule ambao Palma hakuna anayeutaja kwa tarakimu, Nazira alikimbilia Pemba, na Mama Mastura akavuka Ruvuma na wajukuu wawili. Nazira alirudi. Mama Mastura hakurudi. Yuko Mtwara, kwa mdogo wake, na kila Nazira akimpigia humwuliza atarudi lini, naye hujibu mambo ya bei ya nyanya.

Kwa hiyo Jumanne, baada ya kukabidhi zamu, Nazira alikaa kwenye meza ya wodi na kuandika kwa Kiswahili, kwa kuwa Mama Mastura hakuwahi kumkaripia kwa Kireno. Tafsiri ya Kireno ingekuja baadaye, usiku huo, kabla ya kutuma. Aliandika kurasa mbili. Mlikuwamo mkwe, mlikuwamo mkaja, na mlikuwamo Mama Mastura mzima mzima, akiingia, akifungua, akisema maneno yake. Swali likaja mwishoni kama mgeni aliyechelewa: hatua ya kwanza ni ipi?

Fábio alijibu Jumatano. Alikuwa mtu wa Maputo, na heshima yake ilikuwa ya aina inayopangwa kwa namba.

Kwanza, aliandika, kisa ni kizuri, ila shina la swali, yaani maelezo yanayotangulia majibu, si hadithi. Kila kilichomo kiwe na kazi, au kitoke. Pili, majibu yasiyo sahihi, yaani vipotoshi, yawe yanamvuta mtu aliyesoma nusu; cha tatu cha colega Nazira, "kumwombea dua," hakimvuti mtu yeyote. Tatu, jibu sahihi lilikuwa na mistari mitatu na mengine nusu mstari; mwanafunzi angelichagua kwa rula. Nne, "kuchoma oksitosini tena," ile dawa ya kuukaza mji wa mimba, nalo linaweza kutetewa, kwa hiyo majibu sahihi yalikuwa mawili. Tano, mkaja haumo katika mtaala. Mwanafunzi wa Tete angejuaje? Alipendekeza uondolewe.

Nazira akampigia simu.

"Doutor, ukiutoa mkaja, swali limekufa."

"Mimi si doutor, dona Nazira. Na mtihani ni wa nchi nzima. Huwezi kumfelisha mtu kwa desturi ya wakwe wa Palma."

"Wakwe wa Palma ndio wanaoweza kumfelisha. Akipangiwa kazi huku, ataukuta kitandani, si katika mtaala."



"Basi liandike bila hilo neno," Fábio akasema. "Eleza ni kitu gani. Mtu asihitaji kuzaliwa Cabo Delgado ili ajibu. Likisimama, nalipitisha. Lisiposimama kufikia Ijumaa, nina swali jingine la homa."

Homa. Nazira alikata simu akiwa amekasirika kiasi cha kuweza kufanya kazi.

Alipunguza. Mkwe akatoka, kitambaa kikabaki. Oksitosini ya pili ikatoka katika majibu. Mama Mastura alibaki, amekatwakatwa, lakini yumo: mstari mmoja tu, anaingia na kusema "umepima nguo." Nazira alijiambia kwamba huo ndio uhai wa swali. Kisha Alhamisi akamwita Sónia, mwanafunzi wa Nampula aliyekuwa mazoezini hapo wodini, msichana anayejibu kabla hajaulizwa.

"Soma, ujibu."

Sónia akasoma. Sekunde tano hazikufika. "B. Kufungua kitambaa."

"Umejuaje?"

"Si amesema mwenyewe huyu mama, senhora enfermeira? Eti umepima nguo. Hapo hata mume wa mgonjwa angefaulu."

Nazira akaichukua karatasi. Msichana alisema kweli. Swali lenye Mama Mastura ndani yake halikuwa swali. Lilikuwa jibu lenye alama ya kuuliza. Ili mtihani upime kitu, ilibidi mwanafunzi aachwe peke yake na mgonjwa, na kadi inayodanganya, na asiwepo mtu mwenye viatu vya plastiki anayekuja kutoka ukumbini.

Alikaa na kalamu muda mrefu kuliko ambao mstari mmoja unastahili. Halafu akaufuta. Kilichobaki kilikuwa hiki:

*Mama wa miaka 24 amejifungua salama mtoto wa tatu dakika arobaini zilizopita. Alichomwa oksitosini uniti 10 na kondo la nyuma limetoka lote. Dakika kumi baada ya kujifungua, ndugu zake walimfunga kitambaa kirefu tumboni kwa kukaza sana, hakijafunguliwa. Kadi ya dakika ya ishirini imeandikwa: mji wa mimba mgumu. Sasa pedi imelowa chapa kwa robo saa. Mpigo wa moyo 104, presha 100/60. Umeshaita msaada. Hatua yako ya kwanza ni ipi?*

*A. Kuangalia uke na msamba kutafuta mchaniko.*
*B. Kufungua kitambaa na kuupapasa mji wa mimba.*
*C. Kuweka mpira ili kutoa mkojo kwenye kibofu.*
*D. Kuweka dripu na kupima presha baada ya robo saa.*

Akampa Sónia tena, kwa hila, akimwambia ni swali jingine.

"Hili si lile lile?"

"Jibu."

Safari hii Sónia alisoma mara mbili. Sura yake ikaingia kazini. Lile la mwanzo lilikuwa limempa jibu bila sababu yake, na mama aliyelisema alipoondolewa, naye alilitupa, kama wanavyofanya wanafunzi wote. "A," akasema. "Mji ni mgumu, damu inatoka, basi amechanika. Tumefundishwa."

"Nani kasema ni mgumu?"

"Kadi."

"Kadi ilipima saa ngapi? Na kitambaa kilifungwa saa ngapi?"

Sónia akatazama namba. Akazitazama tena. Nazira akamshika mkono, akampeleka kitanda cha nne, kwa mzazi wa alfajiri ile, akaomba ruhusa kwa mama wa yule mzazi, akafungua mkaja, akauweka mkono wa msichana juu ya ngozi. "Huu ndio mgumu. Sasa ukumbuke."

Maelezo ya kusahihisha yalijiandika baada ya hapo. B, alama moja. Alama nyingine mbili kwa sababu: kwamba kipimo cha kadi kilifanyika juu ya kitambaa na hakiaminiki, kwamba mji wa mimba uliolegea ndio chanzo cha kwanza cha kutafuta, na ukikutwa laini usuguliwe mara moja. A ni sahihi baadaye, mji ukishathibitika kuwa mgumu. C hufuata ikiwa kibofu kimejaa. D inapoteza robo saa ambayo mgonjwa hana.

Ijumaa asubuhi alimpigia Mama Mastura, akamsimulia ya Fábio na homa yake, ya Sónia alivyokosa, na kumsomea swali lote.

"Zuri," Mama Mastura akasema. "Hiyo A ni chafu. Mimi mwenyewe ningeingia mtegoni. Lakini mimi niko wapi hapo?"

"Nimekutoa, mama. Ukiwamo wanafaulu wote."

"Wakifaulu wote kuna ubaya gani?"

"Fábio anasema swali halipimi."

"Fábio amewahi kuzalisha?"

"Sidhani."

Mama Mastura akacheka, akakohoa, akacheka tena. "Na huyo msichana wako, baada ya kukosa, nani kamwonesha?"

"Mimi, kwa mzazi aliyekuwa na mama yake pale."

"Ukafungua mwenyewe? Mbele ya mama yake?"

"Niliomba ruhusa kwanza. Wewe hukuwa unaomba."

"Sikuwa na muda." Kisha sauti ikashuka kidogo. "Vizuri, Nazira. Basi wodi ina mtu."

Nazira alitaka kusema kwamba haina, kwamba mtu mmoja si wodi, kwamba hata sasa viatu vikisikika ukumbini yeye hugeuka. "Utarudi lini, mama?"

"Huku nyanya zimepanda," Mama Mastura akasema. "Na hawa watoto wameanza shule. Nenda katume swali lako, lisije likaliwa na homa."

Fomu ya Pemba ilikuwa na nafasi ya waandishi. Nazira akajaza jina lake, na chini yake jina la Mama Mastura, na kubofya. Saa nne Fábio akajibu kwamba swali limepita, pongezi, ila kuna sehemu moja imeachwa tupu: kituo cha kazi cha sasa cha mwandishi wa pili.

Nazira alitazama kile kisanduku. Mlangoni Sónia alikuwa anamwita. Kuna mama ameingia na uchungu.

"Nakuja," akasema.

Akaandika *Palma*, akatuma, akaenda.