Siku Arobaini na Tano za Luvungi

Shefu wetu sikumpenda, na sitajifanya leo. Katika depo ya dawa hapa Bukavu kila kitu kilipaswa kuwa kwa jina lake: muhuri, funguo, hata jedwali la mtandaoni la serumu, chupa za maji ya dripu kwa wagonjwa wa kipindupindu. Nilitengeneza mimi, lakini akataka lifunguliwe kwa akaunti yake. Haya, nikasema, chukua.

Wauguzi wa vituo vya afya vya Kavumu, Nyantende na Luvungi waliingiza idadi ya chupa, na fomula ikahesabu siku zilizobaki. Niliandika skripti, programu ndogo, ya kufunga seli za fomula zisiguswe. Kila lundi, yaani Jumatatu, asubuhi ilituma muhtasari kwa wote, pamoja na wakubwa wa shefu. Imeili ilitoka kwenye anwani yangu, maana mimi ndiye niliyeiwasha. Nikajigamba ofisini: "Hapa hata Shetani hagusi!" Mdomo wangu huo.

Lundi moja muuguzi wa Luvungi akapiga simu akifoka.

"Maman, uko na roho kweli? Unaandika tuko na siku makumi ine na tano. Niko na chupa mbili, na watu wanatapika mu barza! Shefu wako anakatala kutuma camion ya serumu, anasema imeili yako inaonyesha iko sawa."

Nilikwenda kwa shefu mbio. Hakuinua hata macho.

"Skripti yako iko mubaya," akasema, wenzangu wote wakisikia. "Ujinga yako itaua watu."

Aibu ilinichoma. Na nilimwamini, ndiyo hasira yangu mpaka leo. Saa nzima nilipekua skripti mstari kwa mstari nikitafuta kosa langu. Halafu nikafungua historia ya seli ya Luvungi. Ijumaa fomula ilifutwa, ikaandikwa 45 kwa mkono. Akaunti: ya shefu. Alitaka wakubwa wake wasione rangi nyekundu ya kituo kinachoishiwa. Kufuli lile halimzuii mwenye faili, na mwenye faili ni yeye. Mimi nilijua, nikasahau.

Niliongeza kwenye skripti ikague kila seli. Isipokuta fomula, iandike hivyo. Nikatuma imeili mpya palepale kwa wote: "Luvungi: chupa 2. Siku 45: si hesabu, imeandikwa kwa mkono."

Shefu akatoka ofisini kwake. "Umeniaibisha mbele ya wakubwa!"

"Faili ni yako, shefu. Imeili ni yangu."

Simu za wakubwa zilimiminika. Lori likaondoka kabla ya saa sita, nami nikakaa nikifurahi kama mpumbavu.

Jioni muuguzi akapiga tena. Safari hii hakufoka.

"Serumu imefika, maman. Mama mumoja hakungoja, alikufa."

Nikaanza kumweleza: historia, kufuli, akaunti ya shefu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimesikia," akasema. "Lakini bwana ya ule mama aliniuliza nani aliandika tuko na serumu. Nikamuonyesha imeili. Iko na jina yako."