Viwimbi Viwili

Pale kwenye duka la kuchapa tulimwita Mama Kauzu kwa ukavu wake, naye hakujali. Kazi yake ni vitabu vya ratiba za mazishi, na huapa kwamba wafiwa wana roho mbaya kuliko maharusi. Mimi niko meza ya pili, kwenye mashine ya kopi, na simbishii.

Siku hiyo mdogo wa marehemu mmoja, baba mdogo wa watoto, alituma kwa barua pepe wasifu ambao marehemu alijiandikia kwa mkono kabla ya kufa. Alikuwa ameuchapa yeye mwenyewe kwenye kundi la familia la simu, akaunakili kutoka huko na kuubandika hivyo hivyo. Ulifika kama uliotapikwa: aya zimeshikana, nyota kila kichwa cha habari, na jina la mtoto wa tatu limebanwa na alama mbili za kiwimbi (~), moja mbele, moja nyuma.

Mama Kauzu akampigia. Alimwomba nakala safi, au basi apige picha ule ujumbe unavyoonekana kwenye simu yake. Akamuuliza na vile viwimbi ni vya nini. Yule bwana alimfokea hadi mimi nikasikia.

"Nimekulipa usafishe, si unihoji. Toa takataka zote, na usiguse neno hata moja."

Basi akatii. Penye nyota aliweka herufi nzito, akatenganisha aya, akafuta viwimbi. Hakugusa neno. Vitabu vikachukuliwa.

Mazishi hayajaisha vizuri, binti mmoja akaingia na kitambaa cheusi kichwani. Macho yamevimba, lakini sauti ilikuwa kavu. Alisema alikisoma kitabu pale msibani, akaona yeye ndiye mtoto wa tatu, akakaa mbele na wenzake kwa mara ya kwanza maishani. Kisha baba mdogo akashika kipaza sauti, akatangaza kwamba watoto wa marehemu ni wawili, huyo wa tatu ni kosa la mchapaji. Binti akahamishwa kiti watu wakitazama.

"Ni kosa lako, mama?"

Nilitamani Mama Kauzu adanganye. Mtu akishafiwa, unamwongezea nini? Lakini yeye si wa kubembeleza, na pia alikuwa amekasirika, jina lake limechafuliwa mbele ya umati.

"Sijaandika jina la mtu. Njoo uone alichonitumia."

Akafungua ile barua pepe. Binti aliinama, akaweka kidole kwenye kioo, kiwimbi cha kwanza, kiwimbi cha pili. Ndipo alipotueleza, taratibu, kama anayefundisha watoto: kwenye simu ukiliweka neno kati ya alama hizo, linachorwa mstari katikati. Linakuwa limekatwa. Ukilibandika kwingine mstari unapotea, viwimbi vinabaki.

"Kwa hiyo baba aliniandika," alisema. "Baba mdogo ndiye aliyenikata."

Mama Kauzu akamsogezea kiti. Binti akafuta uso kwa ncha ya kitambaa.

"Nitolee hii kwenye karatasi, mama. Usiisafishe."