Silabi Moja Katika Madokezo ya Wifi

Idarani walimwita Rula, na jina hilo alilipata kwa haki. Alikuwa daktari katika mafunzo ya ubingwa wa magonjwa ya ndani, mwanamke aliyewazidi wenzake umri kidogo, na kila kichwa cha habari alichoandika alikipigia mstari kwa rula ya plastiki hata siku hizi ambapo kila mtu anaandika kwenye kompyuta. Akichapa, alirudi na rula kwenye karatasi iliyotoka mashineni. Watu walicheka. Lakini mitihani ilipokaribia, ni mlango wake waliougonga.

Sababu ilikuwa raundi kuu. Kila Jumatano asubuhi idara nzima hukaa ukumbini, kisa cha mgonjwa mmoja kinasomwa, kisha bingwa mmoja anatoa mhadhara juu ya ugonjwa huo. Mhadhara hurekodiwa, na rekodi hutumwa kwenye kundi la simu la madaktari wanafunzi. Sasa, rekodi ni kitu kigumu kujisomea. Ina kikohozi, viti vinavyoburutwa, swali la mtu wa nyuma lisilosikika, na mzaha ambao bila kuuona uso wa msemaji hauchekeshi. Ukitaka namba moja, unatafuta saa nzima.

Rula ndiye aliyekuwa akiigeuza sauti ile kuwa madokezo. Alisikiliza mara ya kwanza bila kushika kalamu, ili ajue mhadhara unaelekea wapi. Mara ya pili alisimamisha na kuandika. Jina la mgonjwa alilitoa, na chochote kingine ambacho kingemtambulisha. Kisha akapanga: kisa, utambuzi, matibabu, mitego. Namba muhimu aliziweka kwenye jedwali lake, kila moja na kipimo chake, na pembeni dakika ambayo bingwa aliitaja, ili mwenye shaka aende akasikie mwenyewe. Mwisho yalikuja maswali ya kujipima, majibu yakiwa ukurasa wa nyuma. Hakuuliza tu "ni ngapi?" Aliuliza pia "kwa nini?" Kazi ile ilimchukua mpaka Ijumaa, wakati mwingine Jumamosi, na hakuna aliyelalamika.

Mpaka mdogo wake wa kiume alipooa daktari.

Wifi yake alikuwa mwembamba, mchangamfu, na mwepesi kiasi kwamba wiki ile ile alipojiunga na mafunzo walishampachika jina la Umeme. Alikuwa na programu kwenye simu inayogeuza sauti kuwa maandishi. Raundi kuu ikiisha, aliingiza rekodi, akapata maandishi yote, akayakatakata, akayapanga, akayatia rangi. Kabla ya chakula cha mchana kundi lilikuwa limeshapata madokezo: vichwa vya bluu, namba kwenye visanduku vya njano, maswali ambayo ukiyagusa jibu linafunguka. Vidole gumba vilimiminika kwenye simu. Rula aliigeuza simu yake kifudifudi.

Nyumbani hali haikuwa bora. Familia ikikutana kwa wazazi, mdogo wake alikuwa na wimbo mmoja.

"Dada, umeyaona ya safari hii? Mke wangu amemaliza wakati Profesa wenu bado anakunja nyaya!"

"Nimeyaona."

"Wewe si ungekuwa bado unatafuta rula?"

Wote wakacheka, wifi mwenyewe akimpiga mumewe begani, "Acha bwana, mheshimu dada yako." Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Kutaniwa angevumilia. Kutetewa na yule yule aliyemnyang'anya nafasi, hapana.

Na nafasi yenyewe ilikuwa karibu kupewa jina. Profesa, mkuu wa idara, alikuwa ametangaza kwamba mihadhara yote ya mwaka itawekwa kwenye ukurasa wa idara kama madokezo rasmi kwa wanaokuja, na mtu mmoja atakabidhiwa kazi hiyo, jina lake likiwa juu. Angemtaja Jumatano inayofuata. Rula alitaka jina lake liwe juu ya ukurasa ule kuliko alivyowahi kutaka cheti.

Ndiyo maana Alhamisi aliyafungua madokezo mapya ya wifi yake kwa nia isiyokuwa ya kujisomea. Mhadhara ulikuwa juu ya asidi ya ketoni, ile hali ambayo mgonjwa wa kisukari aliyekosa insulini anaunguza mafuta ya mwili wake mpaka damu inakuwa chachu. Aliyapitia kama mama mkwe anayepitisha kidole juu ya kabati kutafuta vumbi. Ketoni tatu au zaidi, sawa. Potasiamu ikiwa chini ya tatu nukta tano, irekebishwe kabla ya insulini, sawa. Insulini sifuri nukta moja ya yuniti kwa kila kilo kwa saa, sawa tena, na hasira ikimpanda kwa kila sawa.

Kisha akafika kwenye kisanduku cha njano: *Sukari ikishuka chini ya 14, usimamishe insulini.*

Alisoma tena. Ziko lugha ambazo kukataza ni neno zima linalosimama peke yake kama askari mlangoni. Kiswahili kinakataza kwa silabi. "Usimamishe" maana yake simamisha. "Usisimamishe" maana yake usithubutu. Kati ya hayo mawili kuna "si" moja, na kwa kuwa neno lenyewe linaanza na "si", masikio yanaimeza kirahisi. Akaiendea rekodi. Profesa alikuwa amegeukia ubao, kipaza sauti kikabaki mezani, na hata kwa mtu aliyezoea sauti yake ile "si" ya pili ilikuwa pumzi tu. Lakini sentensi iliyofuata, ya kumwongezea mgonjwa dripu ya sukari, ilikuwa wazi: "Tundika dekstrosi, insulini iendelee mpaka ketoni zishuke chini ya sifuri nukta sita." Programu ilikuwa imesikia vibaya, na wifi, kwa haraka zake, akaihamishia sentensi ya pili chini ya kichwa kingine. Zikiwa zimetengana, hazikugombana.

Rula alihisi furaha ambayo asingependa mtu aione. Hakuandika kitu kwenye kundi. Angesubiri Jumatano, mbele ya Profesa na idara nzima, ainue mkono kwa upole, "Samahani, kuna kitu kidogo tu kwenye madokezo..." Alishachagua hata sauti. Na je, kosa hilo likimuumiza mtu? Akajiambia hakuna daktari anayemtibu mgonjwa kwa madokezo ya mtihani.

Ijumaa mchana alipita wodini akamkuta Bonge, mwenzao mkubwa wa mwili na mpole wa roho, amesimama kando ya kitanda cha mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwenye kisukari, aliyeletwa akitapika. Simu ilikuwa mkono mmoja. Mkono mwingine ulikuwa unaielekea pampu ya insulini.

"Unafanya nini?"

"Habari njema, dada! Sukari imeshuka mpaka kumi na mbili. Nazima pampu, nikale."

"Ketoni zake?"

"Nne nukta moja."

"Toa mkono."

Bonge akautoa kama aliyegusa pasi ya moto. "Lakini madokezo ya wifi yako yanasema..."

"Najua yanasemaje."

"Yanasema usimamishe."

"Yanatakiwa yaseme usisimamishe. Insulini hapo haishughuliki na sukari peke yake, Bonge, inazima ketoni. Ukiikata sasa asidi inarudi. Tundika dekstrosi ya asilimia kumi pembeni ya maji yake ya chumvi, kisha unaweza kuipunguza kasi ya insulini hadi nusu. Kuzima, hapana."

Mwalimu akafungua jicho moja. "Kwani mnabishana juu yangu?"

"Juu ya herufi, mama," Bonge alijibu huku akikimbilia kabati la dripu. "Wewe uko salama."

Dripu ilipokwisha kutundikwa, Bonge alimtazama Rula kwa macho ya mtu anayehesabu jambo polepole. "Dada, umesema unajua yanasemaje. Uliyasoma?"

Rula alitoa simu, akasimama pale pale wodini, akaandika kwenye kundi: *Kosa kwenye kisanduku cha sukari. Sahihi: USISIMAMISHE insulini. Sikilizeni sentensi inayofuata.* Hotuba yake yote nzuri ya Jumatano ilikwenda hivyo, kwa maneno machache na bila kupigiwa makofi.

Wifi yake alimpigia mara moja.

"Wifi, Mungu wangu. Kuna mtu ameumia?"

"Hapana."

"Nashukuru. Nashukuru sana, kweli. Umeiona saa hizi?"

Rula angeweza kusema ndiyo.

"Jana."

Upande wa pili ilisikika kengele ya lifti na watu wakisalimiana.

"Jana," wifi alirudia. "Na ukakaa nayo."

"Nilikaa nayo."

"Ili Jumatano unianike."

"Ndiyo."

"Haya, wifi," alisema, na simu ikakatika.

Rula alitegemea kisirani, labda mdogo wake apige simu akifoka. Kilichokuja ni toleo jipya la madokezo. Juu kabisa, kwa maandishi makubwa, wifi alikuwa ameandika kwamba kosa ni lake, kwamba hakurudi kuisikiliza rekodi, na kila aliyepakua toleo la kwanza alifute. Sentensi mbili zilizotenganishwa zilikuwa zimerudi pamoja. Na kisanduku cha njano hakikuwa na "usimamishe" wala "usisimamishe." Kilisema: *Chini ya 14: ongeza dekstrosi, endelea na insulini.* Chini yake kulikuwa na kanuni mpya: kwenye jedwali la namba tusiandike katazo, tuandike la kufanya, kwa sababu silabi ya kukana hupotea.

Rula aliisoma kanuni ile mara kadhaa akitafuta kasoro. Miaka yote ya rula na dakika za pembeni, na wazo hilo halikuwahi kumjia. Ule wivu aliodhani umeishia wodini ulimrudia, safari hii ukiwa na sababu nzuri zaidi.

Jumatano Profesa hakuzunguka. "Madokezo rasmi atayaandika Umeme," alisema. "Aliyekosea akaonyesha namna ya kutokosea tena ananifaa." Watu wakapiga makofi, Bonge kwa nguvu kuliko wote, kisha akamwona Rula akapunguza.

Walipotoka, wifi alimkuta kwenye korido akijifanya anasoma tangazo la kupotea kwa funguo.

"Wifi."

"Hongera."

"Imekutoka kwa koleo." Akatabasamu kidogo, si sana. "Bado nimekukasirikia, ujue. Lakini hakuna mwingine hapa anayetafuta makosa yangu kwa bidii kama wewe. Nikikutumia kabla sijawatumia wengine, utasoma?"

Rula aliangalia tangazo la funguo. Jina lililo juu ya ukurasa lingekuwa la mwingine, na anayesahihisha hatajwi popote.

"Nitumie," alisema. "Na rekodi pia."

"Huniamini?"

"Hata kidogo."

Wifi akacheka kwa sauti iliyofanya watu wa foleni ya maabara wageuke, akaituma rekodi ya siku ile akiwa bado anacheka. Rula alivaa spika za masikioni pale pale na kuanza kusikiliza, akiomba kimoyomoyo apate angalau kosa moja.